Moshi ya asubuhi inarudi saa saba: maneno tuliyosema asembli, Luzira

Wengi mlituomba tuandike hapa ile hotuba tuliyotoa Jumatatu kwenye asembli ya shule moja hapa Luzira, ile ya kuchoma takataka karibu na madarasa. Jina la shule hatutaji, juu shida si ya shule moja, na pia walimu wake walitupokea vizuri, hatutaki kuwaaibisha. Tunaandika kwanza kwa nini tulienda, kisha maneno yenyewe, halafu mwisho maoni yetu kwa ninyi wakubwa.

Sisi wengi tulianza kujitolea kambini Nakivale kabla ya kuja Kampala. Kule Nakivale kila nyumba ilikuwa na shimo lake la takataka huko nyuma, karibu na mahindi. Likijaa tunachoma. Jirani yuko mbali, upepo unapita, moshi inaenda zake porini. Hatukuona shida. Tulikuja hapa mjini na ile desturi ndani ya mizigo yetu, lakini Luzira haina nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba yako ni mlango wa mwingine. Nyuma ya shimo la shule ni dirisha la bebi klasi.

Muhula uliopita mtoto mmoja wa mama mwenzetu, miaka minne, alianza kukohoa kila siku akirudi shule. Jumamosi na Jumapili anapona. Jumatatu inaanza tena. Mama alisema ni baridi ya ziwa. Jirani akasema ni mafua ya watoto, wanaambukizana. Siku moja mchana mwalimu akampigia simu: njoo, mtoto anapumua kama amekimbia na amekaa tu. Wakaenda kituo cha afya, wakamvutisha dawa, akarudi sawa. Mhudumu akauliza swali moja tu: shuleni kwenu kuna kitu gani kinachomwa? Mama hakuwa na jibu. Akatuletea swali sisi.

Basi tukaenda kuona. Shimo liko hatua kama ishirini kutoka ukuta wa bebi klasi, upande wa ziwa. Papa anayefagia kompaundi alituonyesha bila kuficha. Alisema: "Mimi ninawasha saa kumi na mbili na nusu, watoto hawajafika. Na moshi inaenda ziwani, siyo darasani. Angalieni wenyewe." Tukaangalia. Kwa kweli moshi ilienda ziwani. Papa hakudanganya.

Lakini tukarudi tena. Tulifunga kipande cha kaveera juu ya kijiti karibu na shimo, kituonyeshe upepo unaelekea wapi. Siku tano za shule tulikitazama mara nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, na saa kumi. Asubuhi kaveera ilielekea ziwani, au ilining'inia tu bila upepo. Saa saba mchana ilikuwa imegeuka, inaelekea darasani. Siku zote tano. Na shimo lilikuwa bado linatoa moshi, ndogo, ya bluu, kama sigara iliyosahauliwa.

Njo tukaomba nafasi ya asembli. Hedmasta alitupa dakika kumi na tano, mwalimu mmoja akatafsiri kwa Luganda. Haya ndiyo maneno.

*

Hedmasta wetu, walimu wetu, wazazi mliofika, Papa wa kompaundi, na ninyi wadogo zetu, asubuhi njema.

Tutaanza na kitu kidogo. Kila mtu aweke mkono kwenye kifua. Nyamazeni. Mwalimu ataangalia saa dakika moja, na ninyi mtahesabu mmepumua mara ngapi. Wadogo wa bebi klasi, walimu wenu watawahesabia.

Asanteni. Wakubwa wengi hapa mmesema kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane. Bebi klasi wamesema ishirini na tano, na mmoja thelathini. Hakuna aliyekosea na hakuna mgonjwa. Mtoto mdogo ndivyo alivyo, mapafu yake ni madogo, kwa hiyo anapumua haraka. Lakini hii maana yake ni nini? Kama moshi imeingia darasani, na mwalimu yuko pale na mtoto yuko pale, mtoto anaivuta mara nyingi zaidi. Ukilinganisha na uzito wa mwili wake, anakunywa hewa nyingi kuliko mwalimu. Na tena yeye ni mfupi. Moshi ya baridi, ile inayotambaa, iko chini karibu na pua yake.

Sasa tazameni ubao. Tumechora miviringo miwili. Huu mkubwa ni mrija wa hewa wa mtu mzima, tuseme upana wake ni milimita 8. Huu mdogo ni wa mtoto, tuseme milimita 4. Moshi ikiingia, ule mrija unakasirika. Unavimba ndani na kutoa kamasi, kama jicho linavyovimba ukiingiza pilipili. Tuseme umevimba milimita 1 tu kila upande. Wa mtu mzima unabaki milimita 6. Nafasi ya kupitisha hewa bado ni zaidi ya nusu. Anakohoa kidogo, anaendelea kufundisha. Wa mtoto unabaki milimita 2. Wanafunzi wa P.7, mnajua eneo la duara. Pigeni hesabu: nafasi iliyobaki ni robo. Robo tatu imefungwa! Moshi ni ile ile, uvimbe ni ule ule, lakini mwalimu anasema "moshi kidogo tu" na mtoto anatafuta hewa.

Njo maana mtu mzima hawezi kupima moshi ya mtoto kwa kifua chake mwenyewe.

Sasa kitu cha pili. Katika moshi kuna nini? Ile nyeusi unayoiona, majivu yanayoruka, hayo makubwa pua inayashika. Ukipenga kamasi unaona weusi. Pua imefanya kazi. Zinazotudhuru zaidi ni zile chembe ndogo ambazo jicho halioni moja moja. Ni ndogo mara thelathini kuliko unene wa unywele wa kichwa. Hizo zinapita pua, zinapita koo, zinashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vidogo ambapo hewa inaingia katika damu. Nyingine zinaingia damuni zenyewe. Kitambaa ukifunga puani, hakizizuii. Zinapita kwenye matundu ya kitambaa kama mbu kwenye dirisha lililo wazi.

Mtoto anazaliwa na vifuko vichache tu. Vinaongezeka wakati anakua, na mapafu yanaendelea kukua mpaka mtu anafikia karibu miaka ishirini. Mapafu ya bebi klasi ni nyumba ambayo bado inajengwa. Watafiti huko kusini mwa California, Amerika, walifuata watoto kuanzia miaka 10 mpaka 18, kila mwaka wanawapulizisha kwenye mashine. Mwaka 2004 walitoa majibu: waliokulia kwenye miji yenye hewa chafu zaidi, mapafu yao yalikua kidogo kuliko ya wenzao. Lakini mwaka 2015 walitoa majibu mengine. Hewa ya ile miji ilikuwa imesafishwa, na watoto waliofuata nyuma mapafu yao yalikua vizuri zaidi. Kwa hiyo hatuwaambii haya ili muogope. Hewa ikisafishwa, mapafu ya mtoto anayekua yanajibu.

Kitu cha tatu ni shimo lenyewe. Wadogo zetu, ndani ya shimo la shule kuna nini? Tajeni. Ndiyo: maganda ya matooke, majani, karatasi, buveera, chupa za soda, pampers za bebi klasi, viatu vya plastiki. Basi maganda ni mabichi, yana maji. Moto unatumia nguvu yake kukausha maji kwanza, kwa hiyo hauwi mkali. Moto usiokuwa mkali na usiopata hewa ya kutosha hauli takataka mpaka mwisho, unaziacha nusu. Ile nusu ambayo haikuungua ndiyo inapanda kuwa moshi. Moto mzuri wa kupikia una ndimi na moshi kidogo. Shimo letu halina ndimi, lina moshi tu. Hapo buveera na plastiki zinayeyuka polepole na kutoa sumu, na plastiki ngumu kama ya bomba na waya ikichomwa hivyo inatoa hewa ya asidi inayochoma macho na koo. Mkisikia harufu ya plastiki, jueni tayari imeshaingia ndani yenu.

Na mtu akisema moto umezima kwa sababu hauna ndimi, asimwamini moto. Chini ya majivu unafukuta. Unakula polepole saa nyingi. Hata ukifunika kwa udongo kidogo unaweza kufukuta mpaka kesho.

Sasa tuwaambie siri ya ziwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Kwa hiyo asubuhi mapema hewa baridi inatoka mjini kuelekea ziwani. Papa wa kompaundi anawasha, anaona moshi inaenda ziwani, anafurahi, na ana haki. Lakini jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya joto inapanda juu, na hewa ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Upepo unageuka! Wavuvi wa Port Bell wanajua hivyo tangu zamani. Kwa hiyo moto uliowashwa saa kumi na mbili na nusu, unafukuta mpaka saa saba, na saa saba upepo wa ziwa unauleta darasani. Na saa saba bebi klasi wako wapi? Wamekula posho, wamelala kwenye mikeka, dirisha wazi sababu ya joto. Wanapumua moshi wakiwa usingizini.

Tena kuna asubuhi ambazo upepo haupo kabisa. Hewa ya baridi inakaa chini, ya joto iko juu kama mfuniko wa sufuria. Moshi haiwezi kupanda. Mmeiona kuelekea Butabika na Kitintale, ile shuka nyeupe juu ya mabati. Siyo ukungu wote.

Wadogo zetu, tunawaomba vitu vitatu tu. Cha kwanza: maganda ya chakula yasichanganywe tena na karatasi na buveera. Kuanzia leo kuna magunia matatu. Cha pili: ukiona mwenzako amekaa na anapumua haraka haraka, au kifua kinatoa sauti kama filimbi, usimcheke, kimbia umwite mwalimu. Cha tatu: usichezee moto wa takataka nyumbani, wala kutupa betri na makopo ya dawa ya kupuliza ndani yake. Yanalipuka.

Walimu na wazazi, tunawaomba kimoja. Moto usiwashwe tena ndani ya ukuta wa shule, saa yoyote. Asanteni.

*

Ndivyo tulivyosema. Watoto walipiga makofi, hasa pale kwenye mbu na dirisha. Lakini baada ya asembli wakubwa walibaki na maswali, na hayo maswali ndiyo tunataka kuyajadili na ninyi, juu mtakutana nayo kwenye shule zenu na kwenye makanisa yenu.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzazi mmoja: "Sisi tulikulia kwenye moshi ya kuni, na tuko wazima." Tulimjibu kwa heshima. Ni kweli tuko hapa. Lakini wale ambao hawakupona hawako kwenye mkutano kujibu. Na wangapi kati yetu tunapanda kilima cha Mutungo tukipumzika mara tatu, tunasema ni uzee, na hatujafika miaka thelathini? Pia moshi ya kuni jikoni nayo siyo nzuri. Hatukusema moshi ya shule ndiyo peke yake. Kuna sigiri za makaa, kuna vumbi, kuna bodaboda. Lakini hii ya shule ndiyo tunayoweza kuizima wiki hii bila kumwomba mtu ruhusa.

Swali la pili: "Moshi inafukuza mbu, malaria itatumaliza." Mbu wa malaria anauma usiku. Mtoto wa bebi klasi saa saba mchana hahitaji kufukuziwa mbu kwa plastiki. Usiku chandarua kinafanya hiyo kazi, na chandarua hakiingii mapafuni.

Swali la tatu: "Watoto wapewe maziwa, yanasafisha moshi." Hii tuliisikia hata kambini. Maziwa yanaenda tumboni. Mapafu yana njia nyingine. Mpe mtoto maziwa kwa sababu yanamlisha, lakini usimpe maziwa halafu ukawasha moto ukidhani mmelipana.

Swali la nne lilikuwa la hedmasta, na lilikuwa gumu kuliko yote: "Sawa. Nisipochoma, nipeleke wapi?"

Ndugu, tusijifanye hilo swali ni rahisi. Takataka za Kampala zilikuwa zinapelekwa Kiteezi tangu mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua, mlima wa takataka wa Kiteezi ulibomoka ukafunika nyumba, na watu zaidi ya 30 walikufa. Baada ya hapo, sisi tunaokaa Luzira tuliona wenyewe magunia yanavyokaa njiani siku nyingi yakingoja gari. Na gari linataka pesa. Shule yenye watoto wengi wasiomaliza karo inachagua kati ya gari na chaki. Papa wa kompaundi haamui kitu. Anaambiwa kompaundi iwe safi, anapewa kiberiti. Ukimlaumu yeye unamlaumu mtu ambaye naye anavuta ile moshi kuliko wote, na ambaye kazi yake ni hiyo moja.

Kwa hiyo tulikaa chini tukamwaga shimo zima juu ya turubai, tukaligawanya. Tunawashauri mfanye hivyo, ni kazi chafu lakini inafungua macho. Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa maganda na mabaki ya chakula na majani. Rundo la pili karatasi. La tatu chupa na plastiki ngumu. Buveera zilionekana nyingi, lakini ukizikandamiza zinaingia gunia moja. Mwisho pampers na pedi za wasichana.

Maganda yalipata njia siku ile ile. Kuna mama jirani anafuga nguruwe, anachukua kila jioni na kusema asante. Hapa Kampala watu wananunua maganda ya matooke kulisha mifugo, sisi tulikuwa tunayachoma! Majani yanawekwa kwenye shimo la mbolea nyuma ya bustani ya shule. Chupa zinawekwa kwenye gunia mpaka lijae, anakuja kijana anayenunua kwa kilo. Pesa ni kidogo, tusidanganyane, inatosha sabuni. Karatasi za mtihani hedmasta alitaka zichomwe, watoto wasione majibu. Tukamwambia: zichaniwe, ziloweshwe ndani ya ndoo usiku mmoja, asubuhi ni uji, hakuna anayesoma uji. Zinaingia kwenye mbolea pamoja na majani.

Baada ya hapo kilichobaki kwa gari ni magunia machache kwa wiki, siyo shimo zima. Majirani wawili walikubali kuweka magunia yao pamoja na ya shule na kugawana gharama. Hapo ndipo hesabu ya hedmasta ilibadilika. Alikuwa anapiga hesabu ya kulipia maganda ya matooke kupanda gari.

Pampers na pedi hatujazimaliza. Tunasema wazi. Zikitupwa chooni choo kinajaa na kuziba. Zikichomwa shimoni, ni plastiki ile ile na unyevu juu yake. Kwa sasa zinafungwa na kwenda na gari. Kuna shule zimejenga tanuru la matofali lenye bomba refu kwa ajili ya pedi, linalopata moto mkali. Hilo ni bora kuliko shimo, lakini kwetu halipo, na hata lingekuwepo lingewashwa watoto wakienda nyumbani na likiwa limezimika kabisa kabla hawajarudi.

Mwingine aliuliza: si tusogeze tu shimo kule mwisho wa ukuta? Umbali unasaidia kidogo, hatukatai. Lakini kule mwisho wa ukuta kuna nyumba ya watu, na mle ndani kuna kichanga cha miezi mitatu. Kile kichanga mapafu yake ni madogo kuliko ya bebi klasi. Tutakuwa tumehamisha moshi, hatujaizima. Na saa nayo haisaidii, mmeona wenyewe habari ya upepo. Njo sababu hatukuomba "msichome wakati wa masomo". Tuliomba msichome.

Kama kwenu mmekuta shimo tayari linawaka, msilifunike kwa udongo na kuondoka. Lichambueni kwa reki au mti mrefu, lisambazeni, mwageni maji, geuzeni, mwageni tena. Baadaye weka mgongo wa mkono juu yake bila kugusa. Ukisikia joto, moto bado uko. Mnaofanya hivyo simameni upande ambao upepo unatoka, na watoto wasiwe karibu.

Mwisho, kwa akina mama na sisi wenye wadogo. Msisubiri mtoto aseme "siwezi kupumua". Mtoto wa miaka minne hajui kusema hivyo. Mhesabie. Akiwa ametulia, halii, hakukimbia, fungua saa ya simu dakika moja nzima na utazame tumbo lake likipanda. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kufikisha miaka mitano akifika mara 40 au zaidi, ni haraka mno. Kwa mchanga wa miezi miwili mpaka kumi na moja, ni mara 50. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona pia ngozi chini ya mbavu inaingia ndani kila akivuta, au hawezi kunywa, au midomo inageuka rangi, usihesabu tena, pandisha bodaboda uende. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, usiseme tu ni moshi. Omba apimwe kifua kikuu, juu kikohozi hakina lebo.

Pia andika siku. Ule mtoto wa mama mwenzetu tulimwelewa kwa sababu mama alikumbuka Jumamosi anapona, Jumatatu anaumwa. Hilo lilikuwa jibu kabla hatujafunga kaveera kwenye kijiti. Wenye simu za intaneti, kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere unaoitwa AirQo, una programu ya bure inayoonyesha hewa ya sehemu mbalimbali za Kampala. Itakuonyesha hewa ya mtaa, haitakuonyesha shimo la shule yako. Shimo la shule yako linaonyeshwa na kijiti na kaveera.

Wengine kati yetu waliogopa kwenda kusema. Walisema sisi ni wakimbizi, watoto wetu wamepewa nafasi, tusianze kufundisha wenyeji usafi. Tunaelewa hiyo hofu, tunaishi nayo. Lakini bebi klasi ile ina watoto wa Luzira na watoto wa Bukavu na Bunia wamelala kwenye mkeka mmoja. Upepo wa ziwa ukija saa saba hauulizi karatasi. Na tulipoenda na hesabu na kijiti, bila matusi, tulikuta hedmasta alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye chini juu ya lile shimo.

Leo ni wiki ya tatu. Shimo limejazwa udongo. Juzi tulikuta mtu amewasha majani kidogo pembeni, kwa hiyo kazi haijaisha. Tulimwaga maji, tukaongea naye, tukaenda. Papa wa kompaundi sasa ndiye anayelinda magunia, na ni mkali kuliko sisi. Yule mtoto wa miaka minne anakohoa mara chache. Hatuwezi kusema amepona kabisa, wiki tatu ni fupi na jikoni kwao bado wanapikia makaa ndani. Hiyo ndiyo safari yetu inayofuata, tukianza na kutoa sigiri nje ya mlango.

Waliopo Kansanga, Nsambya na Katwe, tuambieni shimo la shule yenu liko upande gani na upepo wa mchana unatoka wapi. Kijiti ni bure. Kaveera mnazo.